Sura ya Tano: Bahasha ya Kaki na Maswali Manne

Kila nyumba ninayoijua ina bahasha ya kaki. Imelala chini ya nguo kabatini au ndani ya begi la zamani uvunguni, imevimba katikati na kuchanika pembeni. Ndani yake mna cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, matokeo ya kidato cha nne, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa ana ndevu, na risiti ya friji. Mtu akiambiwa apeleke maombi ya viza, huivuta bahasha hiyo, huongeza taarifa ya benki na barua ya mwajiri, kisha huibeba kama ilivyo hadi dirishani.

Tatizo la bahasha ya kaki ni kwamba imejipanga yenyewe, kwa jinsi maisha ya mwenyewe yalivyokwenda. Kilichopatikana mwisho kiko juu. Anayeipokea hajaishi maisha hayo, wala hana siku nzima ya kuyafahamu. Ana maswali machache aliyopewa na sheria, na anatafuta karatasi za kuyajibu. Faili zuri ni lile lililopangwa kwa maswali yake.

Ili tusizungumze hewani, tumfuate mwombaji mmoja wa mfano kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni mwalimu wa shule ya msingi Morogoro, ana mume na watoto wawili, na anataka kwenda Hamburg kumtembelea mdogo wake wakati wa likizo ya Juni. Anaomba viza ya Schengen ya muda mfupi. Atatua tarehe 8 Juni na kuondoka tarehe 29. Mume na watoto watabaki nyumbani.

Maswali manne

Nchi zote za Schengen zinafuata Kanuni ya Viza moja, iliyopitishwa mwaka 2009 na kurekebishwa baadaye. Ibara yake ya 14 inataja mambo ambayo mwombaji anapaswa kuyathibitisha, na ukiyaondolea lugha ya kisheria yanabaki maswali manne: Unakwenda kufanya nini? Utalala wapi? Nani analipa? Kwa nini tuamini kwamba utarudi?

Kabla ya hayo kuna mambo ya msingi ambayo hayahitaji hoja, yanahitaji kuwepo tu. Fomu iliyosainiwa kwa mkono. Picha ya milimita 35 kwa 45. Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, yenye kurasa mbili tupu angalau, na itakayoishi miezi mitatu zaidi ya siku ya kutoka Ulaya. Kwa mwalimu wetu maana yake ni tarehe 29 Septemba au zaidi. Bima ya safari inayolipia matibabu hadi euro 30,000 angalau. Hizi hukaa mbele kabisa, kwa sababu kama mojawapo haipo, hakuna sababu ya kusoma zinazofuata.

Baada ya hapo kila karatasi iulizwe: wewe unajibu swali gani? Mwalimu alitandika zake zote kitandani, akahesabu 31. Barua ya mwaliko ya mdogo wake ilijibu la kwanza na la pili. Ujerumani mwenyeji anaweza kwenda ofisi ya wageni ya mji wake na kutoa hati rasmi ya udhamini, ambayo kwayo anajifunga kisheria kulipa gharama za mgeni wake. Hati hiyo ikajibu la tatu. Barua ya mwajiri, ruhusa ya likizo, hati za mshahara, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto vikaenda kwenye la nne. Lakini vyeti vya semina saba, kadi ya pikipiki na picha za harusi havikujibu chochote. Vikarudi kwenye bahasha. Kila karatasi isiyo na swali humfanya msomaji asimame ajiulize imekuja kufanya nini, na muda huo unatolewa kwenye karatasi zenye kazi.

Wasomaji wawili

Watu wengi hudhani anayepokea faili ndiye anayeamua. Mara nyingi sivyo. Faili lina wasomaji wawili, na kila mmoja ana haja yake.

Wa kwanza ni mtu wa dirishani. Yeye ana orodha iliyochapwa, na kazi yake ni kuweka alama: ipo, haipo. Anakagua, anachukua alama za vidole, anapokea ada, ambayo tangu tarehe 11 Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, na mara nyingi anapitisha karatasi kwenye skana. Huyu anahitaji mpangilio wa orodha ya ubalozi husika. Ukiwa umepakua orodha hiyo kwenye tovuti yao, ifuate kwa namba, hata kama unaona wewe ungeipanga vizuri zaidi.

Wa pili ni afisa anayeamua. Mwombaji huenda asimwone kabisa. Atalifungua faili siku nyingine, pengine kwenye skrini, akiwa na mengine mengi yanayomngoja. Kanuni inampa siku 15 za kawaida za kutoa jibu, na kwa shauri gumu zinaweza kufika 45. Huyu haweki alama za ipo na haipo, anapima kama maneno yanaafikiana.

Mpangilio unaowafaa wote wawili ni wa makundi. Mwalimu alifuata orodha ya ubalozi, ambayo kwa bahati ilikwenda karibu sawa na maswali manne, akagawa karatasi kwa herufi. A ni za msingi, B ni za safari na mwenyeji, C ni za fedha, D ni za kurudi. Ndani ya kila kundi, hati yenye uzito zaidi ilikaa mbele. Katika C iliyotangulia ni hati ya udhamini, taarifa ya benki ikafuata, kwa sababu udhamini ndio unaobeba safari na akiba yake mwenyewe inasaidia tu. Kama angekuwa anajilipia, taarifa ya benki ingetangulia.

Skana nayo ni msomaji wa tatu. Kila pini ya stepla italazimika kung'olewa na mtu mwenye haraka, na kona ya karatasi itaondoka nayo. Kila mfuko wa plastiki utafunguliwa na kutupwa pembeni, na kilichokuwa ndani kitarudi kikiwa kimegeuka. Kwa hiyo tumia karatasi za A4 zilizochapwa upande mmoja, klipu moja kwa kila kundi, na jalada laini la nje. Yale mafaili magumu yenye mifuko 40 ya nailoni tuliyozoea kununua steshenari hupendeza mikononi mwa mwombaji, lakini dirishani yanakuwa kazi ya kuvua karatasi moja moja.

Halisi na kivuli

Hapa ndipo watu wanapopoteza vyeti, kwa hiyo tutulie kidogo.

Hati zako zimegawanyika katika mafungu matatu. La kwanza ni halisi zinazobaki ubalozini: pasipoti kwa muda, fomu, picha, barua ya mwajiri, na taarifa ya benki yenye mhuri. Ukiacha pasipoti, hizi zimetengenezwa kwa ajili ya maombi haya, hazina kazi nyingine. La pili ni halisi zinazoonyeshwa na kurudishwa: vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya udhamini. Kila moja lazima iwe na kivuli chake, kivuli ndicho kibaki. Hati ya udhamini mwalimu ataihitaji hata siku ya safari, maana askari wa uhamiaji kiwanjani anayo haki ya kumuuliza nani anagharamia ziara. La tatu ni hati ambazo halisi yake iko kwa mtu mwingine, kama kibali cha ukaazi cha mdogo wake. Hapo kivuli ndicho pekee kilichopo, na barua iseme hivyo.

Kosa lenye gharama ni kuchanganya la kwanza na la pili, yaani kuweka cheti halisi cha kuzaliwa katikati ya nakala. Dawa yake ni majalada mawili. Jalada moja ni la kubaki, lina fomu, barua na vivuli vyote kwa mpangilio wa A hadi D. La pili ni jembamba, la rangi nyingine, lina halisi za kuonyesha tu, na zinafuata mpangilio uleule. Mtu wa dirishani akifika kwenye kivuli D4 na kuuliza halisi, mkono wako unajua pa kwenda, na ile halisi haikupata kulala pamoja na zinazobaki.

Kivuli chenyewe kina adabu zake. Kionyeshe kingo zote nne za hati, ili ijulikane hakuna kilichokatwa. Kama nyuma ya hati kuna mhuri au maandishi, toa na upande wa nyuma. Mdogo wa mwalimu alituma cheti chake cha kuzaliwa kwa picha ya simu. Kivuli cha mkono kilipita juu ya jina la baba, na kona ya namba ya usajili ilikuwa nje ya picha. Cheti hicho ndicho kilichopaswa kuthibitisha kwamba hawa wawili ni ndugu, na sehemu mbili zilizohitajika ndizo hazikuonekana. Akaombwa akitoe upya kwenye skana, kiwe faili la PDF.

Nakala iliyothibitishwa ni kitu kingine. Hiyo ni kivuli ambacho wakili au kamishna wa viapo amekilinganisha na halisi mbele yake, akagonga mhuri na kusaini kwamba vinafanana. Thamani yake iko kwenye mhuri na saini ile ya wino. Ukienda ukaitoa kivuli ili upate tatu kwa bei ya moja, ulichonacho ni kivuli cha mhuri, na hakithibitishi kitu. Usithibitishe kila karatasi pia. Thibitisha zilizotajwa kwenye orodha ya ubalozi tu, nyingine ni fedha inayomwagika.

Halafu kuna hati zilizozaliwa kwenye kompyuta, kama tiketi, bima na taarifa ya benki ya PDF. Hizi hazina halisi ya karatasi, chapisho lolote ni sawa na jingine. Ndiyo maana balozi nyingi hutaka taarifa ya benki igongwe mhuri wa tawi: mhuri unaipa karatasi hiyo mzazi. Hakikisha umegongwa kila ukurasa, kwa sababu ukurasa usio na mhuri katikati ya wenye mhuri huonekana umechomekwa.

Na neno moja kuhusu kulaminisha. Wazazi wetu walilaminisha vyeti kwa mapenzi, visiliwe na mende. Lakini aliyepokea cheti kilicholaminishwa hawezi kugusa karatasi, hawezi kupapasa mhuri wa kukandamiza kwa kidole, na hakuna ofisi inayoweza kugonga mhuri mwingine juu yake. Kama chako kimelaminishwa, usikibandue, wino utaondoka na plastiki. Nenda kwa aliyekitoa, kwa cheti cha kuzaliwa Tanzania ni RITA, ukaombe kingine mapema.

Penseli na herufi

Alama zinazosaidia ni chache. Kona ya juu kulia ya kila nakala, mwalimu aliandika kwa penseli herufi na namba: B1, B2, B3. Kwa hati yenye kurasa nyingi aliongeza ukurasa, C2 1/6, C2 2/6, ili karatasi ikidondoka ijulikane kwao ni wapi. Kwenye halisi hakuandika chochote, hata kwa penseli. Halisi alizibandikia kipande cha karatasi ya kunata kilichochungulia pembeni, kinachotoka bila kuacha alama.

Juu ya yote aliweka ukurasa mmoja wa orodha, aliouandika kwa Kiingereza kwa ajili ya ubalozi. Kwa Kiswahili kundi la nne lingesomeka hivi:

D. Uthibitisho wa kurudi
D1. Barua ya mwajiri (halisi, ukurasa 1)
D2. Ruhusa ya likizo (halisi, ukurasa 1)
D3. Hati za mshahara, miezi mitatu (kurasa 3)
D4. Cheti cha ndoa (kivuli, halisi ipo)
D5. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wawili (vivuli, halisi zipo)

Maneno yaliyo kwenye mabano ndiyo yanayofanya kazi. Mtu wa dirishani anajua aombe nini, na anajua nini kirudi.

Kalamu za kung'arisha maandishi, zile za njano na waridi, ziache nyumbani. Kwenye skana ya nyeusi na nyeupe rangi hiyo inaweza kugeuka kijivu na kuuzima ule mstari uliotaka uonekane. Ukitaka jicho la afisa lifike mahali fulani, mpeleke kwa maneno: "Tazama C2, ukurasa wa 4."

Pale karatasi zinapobishana

Mahali pa kuyasema maneno hayo ni barua ya maelezo, ukurasa mmoja, inayokaa mara tu baada ya orodha. Wengi huijaza salamu na maombi. Kazi yake hasa ni kueleza pale karatasi mbili zinapobishana, kabla afisa hajaugundua ubishi huo mwenyewe.

Faili la mwalimu lilikuwa na ubishi mahali pawili. Kwanza, kwenye cheti chake cha kuzaliwa mama ameandikwa Mariamu, kwenye cheti cha mdogo wake ameandikwa Maryam. Nyumbani hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa tatizo. Afisa anaona wanawake wawili, na udugu unaanguka, na pamoja nao sababu ya ziara. Mwalimu alikula kiapo kwa kamishna wa viapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, akakiweka nyuma ya vyeti viwili kama B5, na kuandika mstari mmoja kwenye barua: jina la mama limeandikwa kwa namna mbili katika B3 na B4, kiapo ni B5.

Pili ni fedha. Taarifa ya benki ilionyesha mshahara ukiingia na kutoka mwezi hadi mwezi, kisha wiki tatu kabla ya maombi zikaingia shilingi 3,000,000 kwa mkupuo. Ni fedha ya kikoba, zamu yake ilikuwa imefika. Lakini kwa msomaji asiyemjua, mkupuo unaotokea karibu na maombi unanukia fedha ya kuazima, iliyowekwa ili ionekane na kuondolewa kesho. Alipata barua ya katibu wa kikoba na nakala ya ukurasa wa daftari unaoonyesha michango yake ya mwaka mzima. Vyote vilikuwa kwa Kiswahili, akavitafsirisha, kila tafsiri ikakaa mgongoni mwa hati yake, si mwishoni mwa faili.

Kama mkupuo huo ungekuwa kweli wa kuazima, hakuna namna ya kupanga karatasi ingeuponya. Faili lililopangwa vizuri huonyesha majibu yako yalivyo, na yakiwa dhaifu udhaifu unaonekana haraka zaidi. Karatasi ya kughushi ndani yake ni mbaya kuliko pengo, kwa kuwa ikigundulika huacha shaka juu ya zile za kweli pia.

Siku 22

Kabla ya kufunga, mwalimu alichukua karatasi tupu akaandika kila tarehe inayotajwa kwenye faili. Fomu: 8 hadi 29 Juni. Ndege: kutua 8, kuondoka 29. Ruhusa ya likizo: 5 Juni hadi 3 Julai. Mwaliko: "wiki tatu". Bima: siku 21 kuanzia 8 Juni.

Hesabu ya Schengen huhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, zote mbili. Kutoka 8 hadi 29 ni siku 22. Bima ya siku 21 inaisha tarehe 28 usiku, na siku moja, ile ya kwenda kiwanjani, haina kinga. Watu wa bima hawakukosea. Walimuuliza anakaa muda gani, akajibu wiki tatu, kama tunavyosema sote. Akairekebisha hadi tarehe 29 kwa nyongeza ndogo. Mwaliko nao ukaandikwa upya kwa tarehe badala ya wiki.

Karatasi hiyohiyo ilimwonyesha mipaka mingine miwili. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, kwa hiyo mwisho wake ulikuwa tarehe 24 Mei, na mtu mwenye busara hangoji mwisho. Na hati ya udhamini ya Ujerumani hutumika kwa maombi ya viza ikiwa haijapita miezi sita tangu itolewe. Mdogo wake alitaka kuiwahi tangu Novemba, akaambiwa asubiri kwanza, aichukue Machi.

Hesabu ya kuondoka

Siku ya miadi alikwenda na majalada mawili. Nyuma ya daftari lake dogo aliandika halisi zilizoingia dirishani kwa ajili ya kuonyeshwa: cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, vyeti viwili vya watoto, hati ya udhamini. Tano. Mhudumu alipita orodha kutoka A hadi D, akauliza halisi mara tano na kurudisha mara tano. Mwalimu hakuondoka dirishani mpaka alipozihesabu tena mkononi. Hati iliyosahaulika hapo si rahisi kuifuata, maana siku ya pili mlinzi wa getini atakuuliza miadi yako iko wapi.

Ile bahasha ya kaki ilikuwa imebaki Morogoro kabatini. Kabla ya kusafiri kwenda Dar es Salaam aliingiza ndani yake kipande cha karatasi chenye majina ya vyeti alivyovitoa na tarehe ya kuvitoa. Aliporudi jioni ile, akavirudisha kimoja kimoja akivifuta kwenye kile kipande. Mstari mmoja tu ulibaki haujafutwa: hati ya udhamini, inayosubiri pasipoti irudi.